Redio, Insta, vipeperushi au yule binti: nani hasa analeta mteja anayelipa?

"Kaka habari. Nina duka la mapazia hapa Moshi, jirani na Mbuyuni, nashona na kufunga. Kila mwezi nalipa redio laki tatu, Insta naboosti laki mbili, vipeperushi laki na ishirini, na kuna binti ana wafuasi wengi nampa laki na nusu ananipostia. Wateja wapo lakini sijui nani kaletwa na nini, nikiwauliza wengi wananijibu 'nimeona tu mtandaoni'. Nataka kupunguza matumizi ila naogopa kukata kitu ambacho ndo kinanilisha. Nafanyaje?"

Salama dada. Usikate kitu bado, nipe miezi mitatu. Kuna njia mbili za kupima hili ambazo duka la size yako linaweza kuzimudu, kuponi na kumuuliza mteja, na kila moja ukiitumia peke yake inakudanganya, tena inadanganya kwa upande wake. Ukiziweka pamoja kwenye mstari mmoja wa daftari ndo zinaanza kuumbuana, na pale zinapopishana ndipo unapopata jibu lako.

Nianze na kilichonifundisha mimi. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa nasimamia matangazo ya duka moja la magodoro Arusha, tukaweka kuponi kila mahali, baada ya miezi miwili redio ilikuwa imerudisha kuponi chache mno ukilinganisha na Insta, nikamshauri mwenye duka aikate redio hela yote iende Insta. Mwezi wa kwanza hakukuwa na tofauti ya kuonekana. Mwezi wa pili kuponi za Insta zenyewe zikaanza kushuka, na hela ya Insta tulikuwa tumeiongeza! Nikakaa na yule kijana wa kaunta tukapiga simu kwa wateja waliowahi kutumia kuponi ya Insta, na kumbe wengi walisikia jina redioni kwanza, wakaja kulitafuta Insta, kuponi wakaiokota huko. Redio ilikuwa inalima, Insta inavuna, mimi nikamfukuza mkulima. Yule mwenye duka alipoteza mauzo ya wiki nyingi kwa ushauri wangu, na tangu hapo sijawahi kusoma kuponi bila kuwa na jibu la mteja pembeni yake.

Sasa twende kwenye duka lako.

Kila njia ipe neno lake moja. Usiweke mambo ya RD10 au INSTA2, kwa sababu redioni mtu anasikia akiwa jikoni au ndani ya kifodi, hana kalamu, anachobeba kichwani ni neno la kawaida la Kiswahili. Tuseme redio ni TWIGA, Insta ni MBUNI, vipeperushi ni SWALA, yule binti ni TAUSI. Na usije ukaweka neno KANGA wala SATINI, hilo ni duka la vitambaa, watu watalitaja wakiwa wanaulizia bei na muuzaji ataandika kuponi ambayo haipo. Zawadi iwe ileile kwa maneno yote manne, maana ukimpa TAUSI punguzo kubwa kuliko TWIGA hata aliyesikia redio ataitafuta TAUSI, na hapo unakuwa unapima ukubwa wa punguzo. Elfu kumi kwa kila oda inatosha, au kufungiwa bure kama fundi wako ukimlipa kwa siku inakugharimu hiyohiyo.

Muda wa kuponi uwe mrefu. Pazia sio soda, mtu anasikia tangazo leo, nyumba bado inapigwa rangi, anasubiri mshahara au mchezo, anakuja baada ya wiki sita. Ukiandika "mwisho wa mwezi" utakuwa umewafuta wateja halali wa redio na kuwaacha wale wa haraka tu ambao mara nyingi ni wa Insta. Weka miezi mitatu kamili. Na usianze kupima mwezi wa kumi na mbili, wewe unajua Desemba ya Moshi ilivyo, watu wanarudi nyumbani kutoka Dar na kila kona, kila mama anataka sebule mpya, hata usipotangaza popote watakuja. Anza Februari.

Upande wa kuuliza ndo penye kazi kubwa, na hapo ndo hiyo "nimeona tu mtandaoni" inapozaliwa. Kosa la kwanza ni muda. Ukimuuliza mtu akiwa anaingia mlangoni anakujibu chochote ili umuache aangalie vitambaa. Uliza pale anapolipa advansi, mkono unaandika risiti, sauti ya kawaida. Na uliza KABLA ya kuzungumzia kuponi, kwa sababu akishasema "nina MBUNI" basi hata swali lako atalijibu Insta ili vitu vifanane.

Kosa la pili ni swali lenyewe. Ukisema "umetujuaje?" anakutajia kitu cha mwisho alichokiona, na cha mwisho karibu siku zote ni simu, kwa sababu kabla ya kuja amefungua Insta kuangalia rangi na kuulizia mlipo. Uliza hivi: "Mara ya kwanza kabisa jina la duka letu ulilisikia au kuliona wapi?" Usimsomee orodha, ukisema "redio, Insta, au kipeperushi?" atachagua la kwanza au la mwisho kukutajia ili asionekane hajui. Muache aseme mwenyewe. Akisema mtandaoni, ongeza moja tu, "kwenye ukurasa wetu au aliposti mtu?" Akisema kaambiwa na mtu, andika hivyohivyo, hilo ni jibu kamili na kwa mapazia litakuwa kubwa kuliko unavyodhani, kwa sababu pazia lenyewe linaning'inia kwenye sebule ya jirani kila siku linakutangazia bure.

Wale wanaoagiza kwa simu wasikupite. Kuna mtoto yuko Dar anamtengenezea mama yake nyumba ya Machame, anatuma vipimo kwa wasap, analipa kwa simu, dukani hajawahi kukanyaga. Huyo muulize kwenye ujumbe uleule unaomtumia namba ya malipo, na kama ni mama ndo aliyemwambia, uliza mama alisikia wapi. Kwa wanaotokea Insta unaweza kuweka linki ambayo ujumbe wake unakuja umeshaandikwa neno, hivi:

```
https://wa.me/255XXXXXXXXX?text=MBUNI
```

Hizo X ni namba yako bila ile sifuri ya mwanzo. Ila usihesabu wanaochati, hesabu walioweka advansi, wanaouliza bei na kupotea ni wengi na wanapatikana zaidi Insta kuliko kwingine, ukiwahesabu utaipendelea Insta bila kujua.

Daftari lako liwe na safu sita tu: tarehe, namba ya simu, mpya au wa zamani, alisikia wapi mara ya kwanza, kuponi, kiasi. Mpya au wa zamani usimuulize mteja, tafuta namba yake ya simu kwenye risiti za nyuma. Hii watu wengi wanairuka na inaharibu kila kitu, kwa sababu mteja wako wa mwaka juzi anakufuata Insta, akiona MBUNI anaitumia, wewe unaandika Insta imeleta mteja wakati umempunguzia elfu kumi mtu ambaye angekuja tu. Wa zamani wote watoe kwenye hesabu.

Nikupe mfano wa namba. Hizi nimeziweka mimi ili uone hesabu inavyotembea, zako zitakuwa tofauti. Tuseme miezi mitatu imeisha, advansi 104, ukitoa wa zamani 38 unabaki na wapya 66. Kati ya hao 66, waliokuja na kuponi ni 27: TWIGA 4, MBUNI 11, SWALA 3, TAUSI 9. Wengine 39 hawakuwa na kuponi yoyote, na hiyo ni kawaida kabisa, watu wanasahau, wengine wanaona aibu kuomba punguzo, wengine katumwa tu na mke wake hajui habari za twiga.

Ukiishia hapo, unachukua hela uliyotumia miezi mitatu unagawanya kwa kuponi. Redio 900,000 kwa wateja 4 ni 225,000 kwa kichwa. Insta 600,000 kwa 11 ni kama 54,500. Vipeperushi 360,000 kwa 3 ni 120,000. Binti 450,000 kwa 9 ni 50,000. Mtu yeyote akiiona hii anakata redio jioni hiyohiyo na kumuongezea binti hela, ndo kilekile nilichofanya Arusha.

Sasa soma safu ya pili, walivyojibu wenyewe. Redio 13, ukurasa wa Insta 10, binti 5, kipeperushi 3, kwa mtu au kwa jirani 19, alikuwa anapita 9, hakumbuki 7. Jumla 66 ileile. Redio imetoka 4 mpaka 13, binti kashuka kutoka 9 mpaka 5, na swali la kujiuliza ni kwanini vipishane namna hiyo.

Chukua wale 13 wa redio uwatazame kuponi zao. Wanne wana TWIGA, wawili wana MBUNI, saba hawana kitu. Hao wawili wenye MBUNI ndo wale ninaokuambia, kasikia redioni kaja kuokota kuponi Insta. Na hao saba wanakuonyesha kwamba kuponi ya redio inakamata kidogo tu ya kile redio inacholeta, hapo ni kama mmoja kwa kila watatu. Wa Insta je? Kati ya 10, wanane wana MBUNI, kwa sababu neno liko mbele ya macho anapobonyeza. Kwa hiyo kulinganisha TWIGA na MBUNI moja kwa moja ni kulinganisha ndoo iliyotoboka na ndoo nzima.

Njoo kwa TAUSI. Tisa wametumia, lakini watano tu ndo wamesema walimuona binti. Waliobaki, watatu wamesema waliambiwa na mtu na mmoja alikuwa anapita tu dukani. Hao wanne kuponi imewafikia imevuja, labda mtu kairusha kwenye grupu la wasap la kikoba, labda, na hili chunguza kwa upole, ni msaidizi wako anamuonea huruma mteja anayebishania bei anamwambia "sema TAUSI upunguziwe". Utaijua ya grupu kwa kuona kuponi zimekuja nyingi ndani ya siku chache ambazo binti hakuposti chochote, na wengi wanatoka mtaa mmoja, tuseme Pasua au Kiborloni. Utaijua ya kaunta kwa kuona zinajaa zaidi zamu ya mtu mmoja. Dawa ya kaunta sio ugomvi, mpe ruhusa ya kupunguza kidogo bila kuponi aiandike "bei", atakuwa hana sababu ya kuichafua TAUSI.

Gharama sasa kwa majibu: redio 900,000 kwa 13 ni kama 69,000, Insta 60,000, kipeperushi 120,000 bado, na binti 450,000 jumlisha kuponi tisa za elfu kumi inakuwa 540,000, gawanya kwa watano ni 108,000. Kuponi za njia nyingine nazo ziongeze hivyohivyo, redio itapanda kama elfu tatu na Insta kama elfu kumi na moja. Halafu weka pembeni faida yako ya oda moja. Tuseme oda ya kawaida ni 260,000, ukitoa kitambaa, ushonaji, fimbo na fundi wa kufunga unabaki na 95,000. Redio na Insta zinalipa. Binti na vipeperushi kwa namba hizi hazilipi, isipokuwa kama wateja wao wanarudi kununua tena vya chumbani, na hilo utalijua tu ukiendelea kufuatilia namba zao za simu.

Kama daftari utalihamishia kwenye Excel au Google Sheets, safu zikiwa zimepangwa nilivyokutajia kuanzia A, wale wa redio wenye kuponi ya Insta unawapata hivi:

```
=COUNTIFS(C:C,"mpya",D:D,"redio",E:E,"MBUNI")
```

Badilisha maneno mawili ya mwisho kwa kila mchanganyiko. Hakikisha kila mtu anaandika "redio" vilevile, "Radio" na "redioni" kompyuta inavihesabu ni vitu vingine.

Hapa nataka nikutahadharishe kitu ambacho wengi hawasemi. Namba zako ni ndogo. Wateja 13 kwa miezi mitatu, kwa bahati tu wangeweza kuwa 6 au 20 bila redio kubadilika chochote. Kipimo cha haraka ni kuchukua kipeuo cha pili cha idadi, unakizidisha kwa mbili, unajumlisha na kutoa. Kipeuo cha pili cha 13 ni kama 3.6, mara mbili ni 7. Kwa hiyo redio 13 na Insta 10 wewe zichukulie ziko sawa, usihamishe hata shilingi kati yao. Na kipeperushi chenye watu 3 kingeweza kuwa na 6, na kikiwa 6 kinalipa! Ndo maana nakuambia usikate kwa robo mwaka moja tofauti zikiwa hivi, isipokuwa njia imeleta sifuri au moja kwa hela nyingi.

Kuna watu watakuambia zima redio mwezi mmoja uone. Kwa duka kubwa la magodoro lenye mamia ya wateja hiyo inaonyesha, kwako haionyeshi. Wewe unapata wapya kama 22 kwa mwezi, redio inaleta kama 4, na hao 22 wenyewe mwezi hadi mwezi wanacheza kati ya 13 na 31 kwa bahati tu. Ukizima ukapata 19 au 24 utajifunza nini? Na kwa mapazia, walioisikia mwezi uliopita bado wanaendelea kuja, kwa hiyo mwezi wa kuzima hauwi mtupu.

Na angalia uaminifu wa majibu yenyewe. Daftari la kweli lina "hakumbuki". Ukiona wiki mbili zimepita hakuna hata mmoja, msaidizi anajaza jioni kwa kukisia, hasa ukikuta majibu yanafanana mfululizo kwa wino mmoja. Mwambie "hakumbuki" ni jibu zuri na hutamlaumu. Unaweza pia kuchukua namba kumi za wiki iliyopita ukawapigia wewe mwenyewe kuuliza pazia limekaaje, katikati ya maongezi unauliza tena swali lilelile. Saba au nane wakikujibu kama ilivyoandikwa, daftari lina afya. Wakiwa wanne, hapo shida iko kwenye kuuliza, rudi uwe unauliza mwenyewe kwa muda. Hawatafika kumi kwa kumi, kumbukumbu ya mtu ndo ilivyo, na jina kubwa kama redio linabeba hata watu ambao kiukweli hawakumbuki vizuri, kwa hiyo hao 13 wasome kama makisio ya juu kidogo, na TWIGA 4 kama sakafu. Ukweli wa redio uko katikati yao, na ukikaa kwenye 9 au 10 bado unagusa ile faida yako ya 95,000.

Robo ya pili ndo utabadilisha, na badilisha ndani ya njia kabla ya kukata njia. Vipeperushi gonga mhuri wa neno tofauti kwa kila eneo, vya Soweto neno lake, vya Majengo neno lake, vya kule nyumba mpya zinapojengwa neno lake, kwa sababu nahisi hela yako inapotelea kwa kugawa stendi kwa watu wa safari ambao hawana dirisha Moshi. Binti mwambie mkataba mpya uwe nusu ya hela na nyingine kwa kila mteja mpya anayemtaja yeye mwenyewe kabla ya kutoa TAUSI. Na redio omba kipindi cha asubuhi kiwe na TWIGA na cha jioni kiwe na neno lingine, tuseme POPO, kisha kwenye daftari anayesema redio muongezee kiswali kimoja, ilikuwa asubuhi au jioni.